Jinsi ya kutunga shairi la kumkumbuka baba mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake, hatua kwa hatua

Tangu niliposoma shairi la baba yangu mbele ya familia, ndugu na marafiki wamekuwa wakinijia na maswali yaleyale. Niandike beti ngapi? Ni lazima liwe na vina? Nianzie wapi, maana kila nikishika kalamu naandika "ulikuwa baba mwema" kisha naishia hapo? Nikilia katikati ya kusoma nifanye nini? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Nitatumia shairi langu mwenyewe kama mfano, pamoja na mistari niliyoikata, ili uone kazi ilivyokwenda hasa.

Umbo ninalolifuata hapa ni tarbia, yaani shairi ambalo kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, na umegawanywa katikati vipande viwili vya mizani 8: cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Mshororo wa nne unarudiwa katika kila ubeti, nao ndio kibwagizo. Nimelichagua umbo hili kwa sababu moja tu: kibwagizo kinaweza kuitikiwa na waliohudhuria. Katika kikao cha familia hupendi watu wakae kimya wakikutazama wewe unayesoma. Unataka nao waseme kitu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Uwe na wiki mbili. Shairi lililotungwa usiku wa kuamkia siku yenyewe hujulikana, na aliyelitunga hulisoma kwa wasiwasi.

Uwe na daftari, kalamu na kifutio. Mimi hutumia penseli, maana mshororo mmoja huweza kuandikwa mara saba.

Uwe na watu watatu wa kuwauliza: mmoja aliyemjua baba kabla hujazaliwa, mmoja aliyeishi naye chini ya paa moja hadi mwisho, na mmoja mdogo kuliko wote waliomkumbuka vizuri. Watoto hukumbuka mambo ambayo watu wazima hawakuyatilia maanani.

Mwisho, muulize anayepanga ratiba umepewa dakika ngapi. Beti tano za tarbia zikisomwa taratibu, pamoja na muda wa watu kuitikia, huchukua kama dakika mbili na nusu hadi tatu. Kwa mtu anayetunga mara ya kwanza, tano zinatosha. Ukifika beti kumi utaanza kurudia sifa, na watoto wataanza kucheza.

Hatua

1. Kusanya vitendo, usikusanye sifa.

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Wanamwuliza mama, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" Mama anajibu, "Alikuwa mpole, mchapakazi, aliwapenda." Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayana cha kushika. Ukiyaweka kwenye shairi, linaweza kusomwa kwa ajili ya baba wa jirani bila kubadilisha neno.

Uliza hivi: Kabla ya kulala alikuwa anafanya nini? Mlijuaje kwamba amefika nyumbani kabla hamjamwona? Kitu gani alikuwa hapendi kiguswe? Mkono wake ulikuwa na kazi gani akikaa bila shughuli? Alipokasirika, alifanya nini?

Kwa baba yangu nilipata orodha ya mambo kumi na moja. Nitakutajia matano. Kila usiku alizunguka nyumba na tochi akikagua milango. Funguo alizitundika kwenye chango kilekile, na ole wako uzihamishe. Alitushonea viatu mwenyewe na alikata uzi kwa meno. Hakuwahi kutamka kwamba anatupenda, hata mara moja. Na alikohoa mara mbili kabla ya kuingia chumba chochote, ili mliomo mjue anakuja.

Andika kila jambo kwa sentensi moja ya kawaida. Usitafute vina sasa. Ukianza na vina, vina vitakuchagulia baba ambaye si wako.

2. Chagua kitu kimoja kiwe nguzo.

Katika orodha yako kuna kitu kimoja ambacho kila mtu wa nyumbani akikisikia atatikisa kichwa. Kwetu kilikuwa tochi. Nilipowauliza wale watu watatu, wote waliitaja bila mimi kuigusia. Hiyo ndiyo dalili. Kama kitu kimetajwa na wewe tu, ni kumbukumbu yako binafsi. Kiweke ndani ya ubeti mmoja, lakini kisiwe nguzo.

Kikohozi cha mara mbili nilikipenda sana, lakini nilikiacha. Tochi na kikohozi katika shairi fupi vingepigania nafasi. Kuacha kitu kizuri kunauma. Mimi kikohozi nilimhadithia binti ya dada yangu siku hiyohiyo jioni, na alikicheka kwa furaha.

3. Tunga kibwagizo kwanza.

Kibwagizo ndicho watakachokwenda nacho nyumbani, na ndicho kitakachosemwa mara tano. Kitunge kabla ya ubeti wowote.

Hiki ndicho kilichonijia kwanza:

*Baba umetuachia, pengo lisilozibika*

Mizani yake ni kamili, 8 kwa 8. Nilikitazama siku mbili, kisha nikakifuta. "Pengo lisilozibika" tumelisikia katika kila msiba na kila tangazo la rambirambi. Sikio limelizoea kiasi kwamba halilisikii tena. Pia ni kauli ya siku ya mazishi, na mwaka mmoja baadaye familia haiko palepale ilipokuwa siku ile. Imelala na kuamka mara nyingi bila baba, kuna mambo imejifunza.

Nikarudi kwenye nguzo:

*Tochi yako imezima, nuru yako ingaliko*

To-chi ya-ko i-me-zi-ma, nane. Nu-ru ya-ko i-nga-li-ko, nane. Hakuna familia nyingine ambayo kibwagizo hiki kingewafaa kama kinavyotufaa sisi. "Ingaliko" ni neno la kale kidogo, maana yake "bado iko". Niliuliza kama watoto watalielewa. Dada yangu akasema watafundishwa, na walifundishwa.

Kipime kibwagizo chako kwa njia hii: mpe mtoto wa miaka minane au tisa akirudie baada ya kukisikia mara mbili. Akijikwaa, kina neno gumu au kimejaa mno. Kirahisishe.

4. Panga kila ubeti una kazi gani.

Andika mstari mmoja wa kawaida kwa kila ubeti kabla ya kuutunga. Mpango wangu ulikuwa huu: ubeti wa kwanza unamwambia baba kwamba mwaka umetimia na tumekutana. Wa pili, tochi na milango. Wa tatu, viatu. Wa nne, jambo lililotokea ndani ya mwaka huu ambalo yeye hakuliona. Wa tano, tunamuaga na kupokea zamu.

Nausisitiza ubeti wa nne. Shairi la mwaka wa kwanza bila habari ya mwaka wenyewe linakuwa shairi la mazishi lililochelewa. Kuna aliyezaliwa, aliyehitimu, aliyehama, mti aliopanda uliotoa matunda, chumba kilichopakwa rangi mpya. Mpe baba habari hiyo. Kwetu alizaliwa mtoto.

Na kuna jambo la kuliacha: ugonjwa na saa za mwisho. Najua kumbukumbu hizo ndizo zilizo karibu, na mkono utataka kuziandika. Ziandike kwenye karatasi nyingine ikiwa zinakusumbua. Chumbani atakuwemo mama, au aliyemuuguza, na hakuja ili arudishwe kwenye kile kitanda.

5. Tafuta vina kabla ya mishororo.

Kina ni silabi ya mwisho ya kipande. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti inahitaji kina kimoja katikati na kingine mwishoni. Si lazima vina hivyo viendelee shairi zima. Wapo wanaodumisha vilevile toka mwanzo hadi mwisho, na huo huitwa mtiririko, ila kwa anayeanza utamtesa. Badilisha vina kila ubeti. Utaratibu huo unaitwa ukaraguni, na ni halali kabisa. Kibwagizo kinabaki na vina vyake.

Kwa ubeti wa viatu nilijua nataka kusema "sindano", "meno" na "shona". Basi kina cha kati kikawa *-no* na cha mwisho *-na*. Nikaandika pembeni kila neno nililolikumbuka: maneno, mkono, mfano, sindano, meno, neno, kisha ona, shona, pona, jana, mchana. Orodha ya maneno matano au sita kila upande inatosha. Ukikosa hata matano, kina hicho ni kigumu. Kiache utafute kingine.

Jihadhari na *-ni*, *-wa* na *-ka*. Hivi vina maneno tele, ndiyo maana hushawishi. Ukivitumia katika kila ubeti, shairi litasikika kama mlio mmoja. Mimi nilijiruhusu *-ka* katika ubeti wa kwanza na *-ni* katika wa nne, basi.

6. Tunga, kisha hesabu mizani kwa vidole.

Mizani ni silabi. Hesabu kwa sauti huku ukigonga meza, si kwa macho. Macho hudanganya hasa katika sehemu mbili. Irabu mbili zilizofuatana ni silabi mbili: *sha-i-ri* ni tatu, *ju-u* ni mbili, *m-ju-ku-u* ni nne. Na *m* inayosimama peke yake mbele ya konsonanti ni silabi: *m-la-ngo* ni tatu, *m-ko-no* ni tatu. Lakini katika *mwa-nga* na *nyu-mba* konsonanti zimeungana na irabu, kwa hiyo ni mbili mbili.

Maneno kama "labda", "kabla" na "daftari" yaepuke katika shairi lako la kwanza. Watunzi huyahesabu kwa namna tofauti, nawe utabaki kubishana badala ya kutunga.

Kipande kikizidi, kifupishe. Nilianza na "Ukaenda kila mahala": u-ka-e-nda, ki-la, ma-ha-la, jumla tisa. Nikafanya "Ukenda kila mahala", ikawa nane. Ufupishaji huu ni inkisari, na washairi wameutumia tangu zamani. Vilevile "Uzi ulikata kwa meno" ni tisa. "Uzi wakata kwa meno" ni nane, na kwa bahati njema wakati uliopo ulileta picha karibu zaidi, kama vile bado namwona.

Kipande kikipungua, usikimbilie kuchomeka neno la kujaza. Maneno ya kujaza ni yale ambayo ukiyatoa hakuna kinachopotea: kabisa, hakika, kwa kweli, jamani. Katika ubeti wa nne nilikuwa na mshororo huu:

*Tutamweleza ni nani, ulotulinda kabisa*

Mizani imetimia na kina cha *-sa* kipo. Lakini "kabisa" imekuja kwa ajili ya kina tu, na tena "ni nani" iliyofuatwa na "ulotulinda" inachanganya yeye na wewe. Nilikaa na mshororo huo siku tatu. Nikarudi kwenye orodha ya vina, nikaona "tesa". Nani aliteswa? Giza.

*Tutamweleza ni nani, giza aliyelitesa*

Gi-za a-li-ye-li-te-sa, nane. Sasa kila neno lina kazi. Ukiwa na mshororo unaokukera lakini hujui kwa nini, tazama neno lake la mwisho. Mara nyingi ndilo lililolazimishwa.

7. Msomee mtu mmoja kabla ya siku yenyewe.

Awe yule ambaye shairi litamgusa kuliko wote. Kwa wengi ni mama. Sizungumzii suala la sanaa hapa, ni heshima. Mama hapaswi kusikia jambo la mumewe kwa mara ya kwanza mbele ya watu arobaini.

Mama yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Milango hakuwa anaikagua haraka. Alikwenda polepole, anahesabu." Mshororo wangu ulikuwa unasema alipita "mbiombio kwa mpango". Nikauandika upya siku hiyo, ukawa "polepole kwa mpango". Mizani ni ileile, na ukweli ukarudi mahali pake.

Mwulize swali moja: "Kuna neno humu ungependa lisisomwe?" Akilitaja, liondoe bila kumwomba sababu.

8. Andaa nakala ya kusomea na wafundishe waitikiaji.

Andika kwa herufi kubwa, ubeti mmoja mmoja ukiwa na nafasi kati yake, na kibwagizo kwa kalamu ya rangi nyingine. Usisomee kwenye simu. Ujumbe utaingia katikati au kioo kitazima. Karatasi moja uwe nayo wewe, na ya pili apewe ndugu atakayesimama karibu nawe.

Wafundishe watoto kibwagizo siku moja kabla. Watu wazima wataona aibu kuitikia ubeti wa kwanza, ila wakisikia sauti za watoto wataingia wenyewe kufikia wa tatu. Kabla hujaanza, kisome kibwagizo mara moja na useme, "Nikifika hapa, naomba tuseme pamoja." Usieleze zaidi ya hapo.

Unaposoma, pumua kidogo kwenye mkato, kati ya ukwapi na utao, na upumue zaidi mwisho wa mshororo. Mwanzoni utaona unasoma polepole mno. Huo ndio mwendo unaofaa.

Shairi lote lilivyokuwa

*Mwaka mzima watimu, Baba tangu kututoka*
*Tumekusanyika humu, wajukuu wamefika*
*Twakuletea salamu, nyumba bado yakumbuka*
*Tochi yako imezima, nuru yako ingaliko*

*Giza lilipotawala, ulikagua mlango*
*Ukenda kila mahala, polepole kwa mpango*
*Ndipo nawe ukalala, funguo juu ya chango*
*Tochi yako imezima, nuru yako ingaliko*

*Hukuwa mwingi maneno, mapenzi tuliyaona*
*Kwa viatu na sindano, usiku ukivishona*
*Uzi wakata kwa meno, asubuhi vimepona*
*Tochi yako imezima, nuru yako ingaliko*

*Yuko mgeni nyumbani, mwezi wa tano ni sasa*
*Akiwekwa kitandani, tochi yako huigusa*
*Tutamweleza ni nani, giza aliyelitesa*
*Tochi yako imezima, nuru yako ingaliko*

*Natamatisha shairi, tochi sasa twaiwasha*
*Milango yote ni shwari, zamu sisi tutakesha*
*Lala Baba kwa fahari, kazi yako imekwisha*
*Tochi yako imezima, nuru yako ingaliko*

Tazama kwamba neno "mpole" halimo, wala "mchapakazi", wala "tunakupenda". Na hakuna aliyeondoka akidhani hatukumpenda. Shairi langu si kamili: "nyumba bado yakumbuka" inadai neno la nani anayekumbukwa, nami sikupata namna ya kulitia bila kuvunja mizani. Niliuacha mshororo huo kwa sababu ubeti uliobaki ulikuwa mzima na wiki mbili zilikuwa zimekwisha.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Kutaja majina ya watoto wote.* Nia ni njema, lakini mizani itakulazimisha uache mmoja au umweke wa kwanza mwishoni, na huyo atakumbuka miaka. Sema "wanao", "wajukuu", "sisi". Kama baba alikuwa na watoto wa nyumba zaidi ya moja, hili ni la lazima. Neno "sisi" litawachukua wote.

*Kubadilisha unayezungumza naye.* Ubeti mmoja unasema "ulikuwa", unaofuata "alikuwa". Amua mapema. Kumwambia baba moja kwa moja kunaleta ukaribu. Kumsimulia kunakusaidia usilie upesi. Chagua moja uende nalo. Ukibadilisha, iwe kwa sababu, kama pale ninapomweleza mtoto mchanga habari za babu yake.

*Kulipiza kisasi kwa mafumbo.* Mara nyingine kuna deni, shamba au neno lililosemwa msibani, na mshairi anaona hapa ndipo pa kulijibu. Wasikilizaji hulitambua fumbo mara moja, na kuanzia hapo hawamsikii baba tena. Kata ubeti huo hata kama ndio wenye vina vizuri kuliko vyote.

*Kuazima Kiswahili cha kale bila kukijua.* Neno moja kama "ingaliko" linapendeza. Yakiwa sita, bibi ataelewa peke yake. Usitumie neno ambalo huwezi kulieleza ukiulizwa.

Ukikwama

*Vina havipatikani kabisa.* Jaribu utenzi. Mshororo wake ni mizani 8 tu, ubeti una mishororo minne, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina kinachodumu shairi zima. Hakuna kina cha kati, kwa hiyo mzigo unapungua sana. Utapoteza kibwagizo cha kuitikia, lakini unaweza kuutunga ubeti wa mwisho ili usemwe na wote. Hata huo ukishindikana, andika bila vina, mistari mifupi, jambo moja katika kila mstari. Kitendo cha kweli bila kina kinagusa kuliko kina kizuri juu ya jambo la uongo.

*Mizani imetimia lakini shairi linasikika zito.* Pengine kila kipande kina neno refu moja na fupi moja katika mpangilio uleule. Geuza mpangilio katika mshororo wa pili wa kila ubeti. Au vipande vyako havikamiliki: sentensi inakatika pabaya kwenye mkato, na msomaji anakosa pa kupumua. Soma ukwapi peke yake. Ukileta maana au picha, uko salama.

*Hamkuwa mkielewana na baba.* Ndugu wengi wamenijia na hili kwa sauti ya chini, na ndilo swali ninalolijali kuliko yote haya. Usimsifu kwa usichokiona, maana sauti yako itakusaliti, na ndugu zako wanajua. Lakini vitendo vilikuwepo. Rafiki mmoja hakuwa na neno jema la kusema juu ya baba yake, hadi alipokumbuka kwamba mzee alikuwa akinoa visu vya nyumba nzima kila mwisho wa mwezi na kuvipanga kwa urefu. Alitunga beti tatu juu ya visu hivyo. Hakusamehe wala kushtaki mtu ndani yake. Alieleza alichokiona, na dada zake walilia.

*Unajua utalia.* Tafuta mapema mshororo gani utakaokukwamisha. Huwa ni mmoja. Wangu ulikuwa "asubuhi vimepona". Siku moja kabla, usome ubeti huo kwa sauti mara kumi, mara zote ukiwa umesimama. Hautakoma kukuuma, lakini mdomo utaujua hata koo likiziba. Ikitokea ukakwama kweli, usiombe radhi wala usiharakishe. Nyamaza, tazama karatasi, hesabu pumzi tatu. Ukishindwa kuendelea, mguse ndugu mwenye nakala ya pili asome ubeti huo, wewe uingie kwenye kibwagizo pamoja na wote. Kwangu ndivyo ilivyokuwa. Kaka yangu alisoma viatu, nami nikarudi kwenye mtoto mchanga. Ubeti wa tano ulipofika, mama aliiwasha tochi kabla sijafika neno "twaiwasha".